Aya ya Ndoto

Itifaki za utafiti huandikwa na watu wasioamini kwamba kuna mtu atazisoma hadi mwisho. Yetu ilikuwa na kurasa zaidi ya mia, na mimi nilikuwa nikisinzia kila nilipokaribia katikati. Si uvivu huo, msinionee. Ofisi yetu iko Milimani, hapa Nakuru, kwenye nyumba ya zamani yenye dari ya mbao, na jua la baada ya chakula cha mchana huingia dirishani na kujilaza juu ya meza yangu kama paka. Nikikutana na maneno kama "mwitikio wa njia za hewa kwa kichocheo", jicho moja linajifumba, la pili linamfuata mwenzake. Halafu nasikia kurasa zikipumua.

Kazi yangu ni kulifanya furushi hilo liwe kurasa nne ambazo mtu wa kawaida anaweza kusomewa akaelewa: utafiti huu ni wa nini, atafanyiwa nini, nini kinaweza kumdhuru, na atatokaje akitaka kutoka. Naitwa Wamaitha. Kwenye mkataba wangu mimi ni afisa wa uhusiano wa jamii, lakini Mau Narok wananiita daktari, kwa sababu kule yeyote anayeshuka kwenye gari la utafiti akiwa na kalamu ni daktari. Daktari wa kweli ni Muiruri, mtafiti mkuu wetu, mtu mwembamba na mpole ambaye hunywa chai akiwa amesimama, utadhani kuna mtu amemwahidi kiti kizuri zaidi mbele ya safari.

Tulikuwa tunajaribu tembe mpya ya pumu. Mau Narok ni nchi ya ngano na viazi, na ngano ikivunwa vumbi lake hufunga vifua vya watu. Waliojiunga na utafiti waliendelea kutumia inhela zao, zile pampu ndogo za kuvuta dawa kwa mdomo, kama kawaida, kisha kila jioni wakameza tembe moja juu yake. Nusu yao walipewa tembe yenye dawa. Nusu walipewa tembe inayofanana nayo kabisa, ila ndani haina dawa yoyote. Kompyuta ndiyo iliyochagua nani apate ipi, na hakuna aliyejua: si mgonjwa, si Muiruri, wala Gedion, muuguzi wetu kule zahanati. Ilikuwa ibaki hivyo hadi siku ya mwisho ya utafiti.

Basi mwezi mmoja, kampuni inayougharamia utafiti ikatuletea toleo jipya la itifaki. Katika nchi nyingine walikofanya jaribio hilohilo, watu wengi kidogo walikuwa wameanza kuota ndoto zilizo wazi mno, na wachache walikuwa wameingiwa na huzuni nzito. Habari kama hiyo ikija, karatasi ya maelezo lazima iandikwe upya, ipelekwe kwa kamati ya maadili iidhinishwe, kisha kila mtu aliyekwisha kujiunga asomewe tena na kuulizwa tena kama bado anataka kuendelea. Na kabla ya hayo yote kukamilika, Gedion aliagizwa aanze mara moja kumuuliza kila mtu habari za usingizi na moyo wake.

Alikuja na majibu baada ya wiki chache. Muiruri alisimama mlangoni pangu na kikombe chake.

"Kwetu hakuna ndoto," akasema. "Gedion ameuliza watu wote. Hata mmoja hajareport. Wamaitha, hiyo ni mild, weka line moja tu: ndoto zisizo za kawaida. Tumalizane."

"Labda watu wa Mau Narok hawaoti, daktari."

"Mtu akishinda akipalilia viazi, ataota saa ngapi?"

Nilicheka, lakini sikuamini. Mimi nimelelewa Kabazi, kwenye nyumba ambayo chai ya asubuhi haikumiminwa kabla nyanya hajasimulia alichoota. Mtu kulala ovyo tu, bila kwenda popote wala kuona mtu, kwetu ilihesabiwa kama kulala njaa. Nikamwambia Muiruri nataka kwenda kusikiliza namna Gedion anavyouliza.

Siku hiyo Mau Narok ilikuwa ndani ya ukungu. Ukungu wa kule hauji, unakukuta umeshaingia ndani yake; unaona ng'ombe nusu, unaona kanisa bila paa, unamsikia mtu akikohoa na humwoni mwenyewe. Nilikaa kwenye kona ya chumba cha Gedion nikijifanya napanga karatasi. Watu waliingia mmoja mmoja, wakapuliza kwenye ile mashine ya kupima pumzi, wakatolewa damu kidogo, wakaulizwa.

"Unaota ndoto mbaya?"

"Hapana, daktari."

"Shida nyingine yoyote?"

"Sina shida."

Nikaangalia pembeni nisije nikacheka. Gedion ni kijana mzuri, mtaratibu, na swali lake lilikuwa limeandikwa vilevile kwenye fomu. Lakini hilo lilikuwa neti yenye matundu makubwa kuliko samaki.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja aitwaye Cheptoo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mkulima wa viazi, mwenye kicheko kinachotangulia maneno. Naye alisema hana shida, hana ndoto mbaya, akatoka kusubiri tembe zake za mwezi. Nilimfuata nikaketi naye kwenye benchi nje, ukungu ukitupitia miguuni. Tuliongea habari za mvua. Nikamwambia kwetu Kabazi sisi ni watu wa kuota sana.

"Hata mimi," akasema. "Huyo kijana ameniuliza ndoto mbaya. Mbaya sina. Niko na mzuri."

"Nzuri namna gani, mama?"

Akanisogelea. "Jepkemboi anakuja."

Jepkemboi alikuwa kitinda mimba wake. Alikufa katika ajali ya barabarani akirudi chuo, mwaka wa pili sasa. Cheptoo aliniambia bila kulia, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Karibu kila usiku msichana huja kutoka upande wa shamba la ngano, nywele zake zikiwa na maji ya ukungu, anaketi karibu na jiko na kuota moto. Anauliza kama yule ng'ombe mwekundu amezaa. Analalamika kwamba mboga ina chumvi nyingi. Mama akimshika mkono, mkono una joto.

"Unajua zamani kifua yangu ilikuwa inapiga kelele usiku mzima," akasema. "Sasa huyo mtoto angepita wapi? Tangu nianze hii dawa kumenyamaza. Amepata njia."

Benchi lilikuwa na unyevu, nikahisi baridi inanipanda mgongoni, na kwa kitambo kidogo nilitazama kule kwenye ukungu kama mtu anayengoja kuona msichana akitokea. Ninawaambia kweli, nilimtarajia.

"Akija, anakuita umfuate?" nikauliza mwishowe. Ilibidi niulize.

"Anifuatishe wapi? Anakunywa chai anaenda." Kisha akacheka kidogo. "Mimi ndio nangoja yeye. Siku hizi nalala hata kuku hazijaingia. Wamama wa chama wanasema nimewatoroka."

Kuwatoroka watu ni dalili mojawapo ya ile huzuni nzito. Nilimweleza kwamba mtu wa utafiti akisikia jambo kama hilo hana ruhusa ya kulificha; ni lazima amwambie daktari.

Uso wake ukajifunga. "Usiandike hiyo kitu," akasema. "Hiyo si ugonjwa. Hiyo ni mtoto wangu."

Niliandika. Kesho yake Muiruri alipanda mwenyewe hadi Mau Narok, akamwuliza Cheptoo maswali yote yanayotakiwa: kama ana huzuni isiyomwacha, kama chakula kinashuka, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Alimhoji polepole, safari hii akiwa ameketi. Hakuona sababu ya kumsimamisha dawa, ila akamwomba aahidi kupiga simu moyo ukianza kuwa mzito. Cheptoo aliahidi. Hakunitazama hata mara moja.

Swali la Gedion nalo tulilibadilisha. Akaanza kuuliza, "Usingizi wako ukoje siku hizi, na ndoto zikoje?" basi, bila mbaya wala nzuri. Mlango ulifunguka, ndugu zangu. Kumbe zahanati yote ilikuwa inaota. Mzee mmoja alikuwa anachunga mbuzi na kaka yake aliyefariki kabla ya uhuru. Mwalimu mmoja alikuwa anaruka juu ya Mau akiona mashamba yote kwa chini. Mama mwingine alikuwa anaimba kwaya na wanawake asiowajua, na akiamka sauti imemkauka. Hakuna aliyekuwa amesema, kwa sababu hakuna aliyeona shida. Mtu akitembelewa na marehemu wake, anamwambia dada yake asubuhi, au pasta; muuguzi mwenye fomu inamhusu nini?

Muiruri alizisoma zile taarifa akikuna kichwa. "Hawa wote hawawezi kuwa wanapata dawa," akasema. "Nusu yao wanameza tembe tupu."

"Basi wengine wanaota zao."

"Na tutajuaje nani anaota yake?"

"Hatutajua mpaka mwisho. Si ndivyo itifaki inasema?"

"Ndivyo inasema," akakubali, na akakalia kiti changu.

Sasa ikabaki kuandika. Nilikuwa na sehemu nyingi zilizokwenda vizuri. Kusudi: tunataka kujua kama tembe hii, ikiongezwa juu ya inhela, inapunguza kubanwa na kifua, ila huenda isikusaidie wewe binafsi. Taratibu: utapuliza kwenye mashine, utatolewa damu kiasi cha vijiko viwili vya chai, utameza tembe moja kila jioni. Kompyuta itachagua, kama kurusha shilingi. Lakini nilipofika kwenye aya ya ndoto kalamu ilikataa.

Ule mstari mmoja wa Muiruri ulikuwa pale unaningoja. Ndoto zisizo za kawaida. Ningeuacha ulivyo, kamati ingeupitisha bila kupepesa macho, kampuni ingefurahi, na Cheptoo angeusikia ukipita kama upepo. Asingejua unamhusu. Mbona ndoto zake ni za kawaida kabisa: chai, ng'ombe, chumvi. Msichana angeendelea kuja. Nilimpenda yule mama, nasema wazi, na nilitamani sana kumwachia mtoto wake. Nani amekufa kwa ajili ya sentensi moja iliyofumbwa?

Nikasinzia hapo mezani na kurasa zikaanza kupumua. Nikaona zile kurasa mia zikitoka dirishani moja moja, zinaelea juu ya Nakuru, juu ya mabati na mijakaranda, zikielekea ziwani, na mimi nazikimbilia nikiwa na nne tu mkononi. Watu walikuwa wamesimama ukingoni na kila mmoja akiokota ukurasa anauliza, "Huu unasema nini juu yangu?" Nikaamka nikiwa na hasira. Ukimfanyia mtu huruma bila yeye kujua, umemchagulia. Nani kanipa ruhusa ya kumchagulia mama wa watu?

Nikaandika hivi:

"Baadhi ya watu wanaomeza tembe hii huota ndoto zilizo wazi sana, kama mambo ya kweli. Unaweza kuwaona watu unaowajua, hata walioaga dunia, na kuhisi kwamba uko nao. Ndoto inaweza kukutisha au kukufurahisha. Huenda inatokana na tembe. Huenda ni yako mwenyewe, kwa maana huenda tembe yako haina dawa ndani. Wewe hujui, na sisi hatujui. Tuambie, hata kama ndoto ni nzuri. Watu wachache wameingiwa na huzuni nzito. Ikikupata, au ukifikiria kujidhuru, tupigie simu siku hiyohiyo."

Na sehemu ya kutoka nikaiandika hivi: "Unaweza kuacha wakati wowote. Si lazima useme kwa nini. Ukiacha, utaendelea kupata inhela na matibabu yako hapa kama kawaida, na hakuna atakayekukasirikia. Habari tulizokwisha kuzikusanya kukuhusu zitabaki kwenye utafiti. Lakini ukiacha tembe, hutaweza kuzianza tena katika utafiti huu."

Sentensi hiyo ya mwisho ilikuwa imejificha mbali kwenye itifaki, kati ya jedwali na jedwali. Nilipoiona nilitamani ningekuwa sikuiona.

Muiruri alisoma akiwa amesimama. "Ni ndefu. Tulisema kurasa nne."

"Ondoa ile aya ya kusifu maabara ya ng'ambo. Hakuna anayeenda huko."

Akaondoa. Kisha akaweka kidole kwenye neno moja. "Walioaga dunia. Wamaitha, hii si tunawapandia watu akilini? Mtu ambaye hakuota ataanza kuota kwa sababu umemwambia. Ama ataogopa atoroke."

Hoja yake ilikuwa na uzito, siwezi kumnyima. Tulibishana hadi chai yake ikapoa. Nilimwambia wameshaota tayari, na kwamba ndoto isiyo ya kawaida kwa mtu wa ofisini ni ya kawaida kabisa kwa mtu wa Mau Narok, kwa hiyo tusipoitaja kwa jina lake tutakuwa hatujasema kitu.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamalizia.

"Sasa umeniletea methali," akasema, na nikajua nimeshinda. "Kamati wakikataa, utaenda kuwaelezea wewe."

Kamati haikukataa. Iliuliza maswali mawili matatu, ikataka nambari yake ya simu iandikwe kubwa zaidi, kisha ikaidhinisha.

Tulianza kuwasomea watu, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Baadhi walicheka kwenye aya ya ndoto, wengine wakasema "kumbe!" wakaweka sahihi na kuondoka. Mwalimu aliyekuwa anaruka juu ya Mau alisema ataendelea kwa sababu nauli ya ndege ni ghali.

Cheptoo aliingia amejifunga leso kichwani, akaketi mbele yangu kama mtu aliyeitwa na chifu. Nilimsalimu, akaitika kwa shida. Nikamsomea yote kuanzia mwanzo. Nilipofika kwenye ile aya sauti yangu ilipungua, na nje ukungu ulikuwa umekaribia dirisha kabisa, mpaka chumba kile kikawa kama kinaelea peke yake. Nilisoma hadi mwisho. Hatua inayofuata ni kumwomba mtu akuambie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Nilimwomba.

"Nimeelewa," akasema. "Mnasema labda ni dawa inaniletea mtoto. Na labda ni mimi mwenyewe. Na hamjui."

"Hatujui, mama."

"Nani anajua?"

"Kompyuta pekee."

Akatikisa kichwa polepole. "Yaani kompyuta ndio inajua kama mtoto wangu ni wangu."

Kwenye mafunzo yetu hufundishwa kwamba mtu akifikiri, kazi yako ni kukaa kimya; usimvute aendelee, usimsukume atoke. Niliweka kalamu chini.

"Soma tena hapo kwa kuacha," akasema.

Nikasoma tena.

"Inhela nabaki nayo?"

"Unabaki nayo."

"Na nikiacha, siwezi rudi."

"Kwenye tembe huwezi kurudi. Ulisikia vizuri."

"Na ni mimi nachagua ni lini? Si lazima iwe leo?"

"Ni wewe. Leo, kesho, mwezi ujao, au usiache kabisa. Unaweza kwenda nyumbani ufikirie kwanza. Karatasi ni yako."

Aliikunja ile karatasi mara nne akaiweka kifuani, ndani ya sweta. Mlangoni akageuka. Nilidhani atanigombeza. Badala yake akasema, "Umesoma vizuri, daktari," akapotea ndani ya ukungu kabla hajafika langoni.

Wiki iliyofuata alirudi na pakiti ya tembe zilizobaki. Nilikuwa pale na Gedion. Aliiweka juu ya meza kwa mikono miwili.

"Nimeacha. Lazima niseme kwa nini?"

"Hapana," Gedion akasema.

"Basi sisemi."

Alikubali kuendelea kuja kupimwa pumzi, kwa kuwa hilo liliruhusiwa. Gedion akaandika kwenye fomu kwamba mshiriki ameacha tembe kwa hiari yake, sababu haikutolewa. Muiruri aliweka sahihi, ingawa kila anayetoka anamharibia hesabu zake. Mimi nilikwenda nje nikasimama nyuma ya tangi la maji. Nililia, ndiyo. Nilijiambia nimemnyang'anya mama mtoto kwa kalamu, na kwamba barabara iliyomchukua mara ya kwanza angalau haikujua ilichokuwa ikifanya.

Mtu akiacha dawa hufuatiliwa baada ya muda kuona kama yuko salama. Zamu hiyo niliiomba mwenyewe. Nilimkuta Cheptoo shambani kwake, akifukua viazi pamoja na wanawake wengine wa chama chao, wamejipanga mstari mmoja wakitaniana. Ukungu ulikuwa chini bondeni, sisi tukiwa juu yake, kana kwamba dunia nzima imefunikwa shuka na tumeachwa macho sisi tu. Alinyoosha mgongo, akanipeleka kando, tukaketi juu ya magunia.

Nilimwuliza yaliyo kwenye fomu. Kifua kinabana? Kidogo, wakati wa vumbi tu, na inhela inasaidia. Chakula? Anakula. Moyo? Uko sawa. Usingizi?

"Nalala."

"Na ndoto?"

"Hajakuja tena," akasema. "Hata siku moja."

Nilifunga fomu. "Pole, mama. Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi. Ningeweza kuandika mstari mmoja tu, ungekuwa bado naye."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa jambo la kitoto.

"Kwani ulifikiri niliacha juu ya uoga?" akasema. "Sikiza. Hiyo siku ulinisomea nilirudi nyumbani na kitu sijawahi kuwa nayo. Kwamba ni mimi nachagua siku ya mwisho. Nikakaa siku kadhaa nafikiria maneno. Halafu jioni moja nikapika ile mboga yake, bila chumvi. Nikameza dawa. Akakuja. Nikamwambia yote, daktari, hata yale mabaya nilimsemea akiwa mdogo. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Tukaagana vizuri."

Alipangusa udongo mikononi. Wenzake walikuwa wanamwita, viazi vinangoja.

"Ile mara ya kwanza alienda, nilikuwa hapa hapa shambani," akasema. "Simu ikalia, na tayari ilikuwa imeisha. Hakuna mtu alikuja kunisomea kitu."